Kuomba kubadilishiwa msimamizi wakati malalamiko bado yanachunguzwa: kisa cha afisa ununuzi

Mama mmoja, afisa ununuzi, alikataa kusaini hati ya mapokezi ya vifaa ambavyo havikuwa vimefika ghalani. Mkuu wa kitengo chake alimwambia mzigo uko njiani na mzabuni anasubiri malipo. Akajibu kwamba atasaini akiuona. Tangu siku hiyo mambo yakabadilika. Aliondolewa kwenye kamati ya tathmini ya zabuni kwa ujumbe mfupi wa simu usio na sababu. Likizo yake, iliyokuwa kwenye ratiba tangu mwanzo wa mwaka, ikakataliwa. Kwenye vikao vya Jumatatu akawa anakejeliwa mbele ya wenzake kwamba amejifanya mwenye ghala.

Akaandika malalamiko rasmi kwa idara ya rasilimali watu, akaambatanisha ujumbe ule na ratiba ya likizo. Malalamiko yakapokelewa, yakapewa namba ya kumbukumbu, na mchunguzi akateuliwa. Baada ya hapo kukawa kimya. Kila asubuhi alikuwa bado anapangiwa kazi na mtu yule yule aliyemlalamikia, na mtu huyo alikuwa ameshapewa nakala ya malalamiko ili ajibu. Alipochoka, akanijia mimi kama mwakilishi wa wafanyakazi akiwa na rasimu ya barua mkononi. Maneno yenyewe yalikuwa haya:

«Kwa heshima na taadhima, naomba kuhamishiwa kitengo kingine kwa sababu binafsi. Nimeona ni vyema nipishe ili kazi iendelee kwa amani. Nitashukuru kwa nafasi yoyote itakayopatikana.»

Ni barua ya mtu mstaarabu, na ndiyo sababu nilimsihi asiipeleke. Malalamiko yake yalisema anaumizwa kazini na mtu fulani kwa sababu fulani. Barua hii inasema anaondoka kwa sababu binafsi. Zikikaa kwenye faili moja, mchunguzi atakuwa na karatasi mbili za mwandishi mmoja zenye sababu mbili tofauti, na mlalamikiwa hatahitaji shahidi mwingine. «Nipishe ili kazi iendelee kwa amani» inamweka yeye mwenyewe kuwa chanzo cha vurugu. «Nafasi yoyote» inakubali mapema kushushwa. Akipelekwa mahali penye daraja la chini au pasipo na marupurupu yake, hataweza kusema baadaye kwamba amelipiziwa kisasi, maana ataonyeshwa saini yake.

Kulikuwa na kasoro nyingine ambayo haikuwa kwenye sentensi zile. Juu ya barua alikuwa ameandika, kama ilivyo kwenye barua zote rasmi za ofisini, «Kupitia kwa: Mkuu wa Kitengo». Maana yake barua ingepita kwanza kwa mlalamikiwa, naye angepata nafasi ya kuandika maoni yake pembeni kabla haijafika kokote. Angeweza kuandika «Naunga mkono» tu, na maneno hayo mawili yangetosha kuonyesha kwamba wote wawili wamekubaliana aondoke. Ombi linalotokana na malalamiko linakwenda moja kwa moja kwa anayeshughulikia malalamiko hayo. Taratibu nyingi za malalamiko zinaruhusu kumruka mlalamikiwa. Hata pale zisipotamka hivyo, mlalamikaji anaweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini barua haikupitia kwake.

Kabla ya kuandika upya nilimuuliza swali ambalo nadhani kila aliye katika hali hii anapaswa kujiuliza: unachotaka kukikimbia ni kazi, ni ofisi, au ni mtu? Hakufikiri mara mbili. Kazi yake aliipenda, wenzake walikuwa watu wema, meza yake ilikuwa pale kwa miaka. Alichotaka ni mtu yule asiwe na mamlaka juu yake. Basi haombi uhamisho. Anaomba msimamizi mwingine wa muda, na tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Kwenye malalamiko yake alikuwa ameomba nafuu: arudishwe kwenye kamati ya zabuni na mgogoro wa likizo urekebishwe. Akihamia kitengo kingine, ombi la kurudishwa kwenye kamati linakosa mahali pa kusimama, kwa sababu kamati ile ni ya kitengo alichokiacha. Idara inaweza kusema kwa unyoofu kabisa kwamba hakuna tena cha kurekebisha. Akibaki kwenye cheo chake huku akisimamiwa na mtu mwingine, kila alichoomba kinabaki kitu kinachowezekana. Anabaki pia karibu na mashahidi na kumbukumbu za kazi.

Njia hii haifai kila mtu. Kitengo kikiwa kidogo kiasi kwamba hakuna mtu mwingine wa kusimamia, au mlalamikiwa akiwa ndiye mkuu wa taasisi nzima, kubadilisha msimamizi kunabaki jina tu. Na pale ambapo kuna hatari ya kweli kwa mwili au uhai, hakuna sababu ya kukaa ukisubiri majibu ya barua. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe mfanyakazi ana haki ya kujiondoa kwenye mazingira anayoamini kwa sababu za msingi kuwa yana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha, afya au usalama wake, bila kulipiziwa kisasi. Anabaki na wajibu wa kuujulisha uongozi. Hiyo ni njia nyingine kabisa, na haikuwa hali ya mama huyu.

Msimamizi, ukimtazama kwa makini, ana mamlaka kadhaa aliyoyashika pamoja: hupanga kazi, huidhinisha likizo na madai ya fedha, hutathmini utendaji, na huanzisha hatua za nidhamu. Waajiri wanapoombwa «kubadilisha msimamizi» mara nyingi hubadilisha la kwanza tu. Kazi za kila siku zinatoka kwa mtu mpya, ila likizo na tathmini zinabaki kwa yule wa zamani, naye bado anaweza kukubana pale pale panapouma. Kwa hiyo barua inapaswa kuyataja mamlaka hayo moja moja.

Hii ndiyo barua aliyoipeleka. Nimeondoa tarehe na majina tu.

«Kwa Mkuu wa Rasilimali Watu. Nakala: Mchunguzi wa malalamiko.

YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA MSIMAMIZI KWA MUDA, MALALAMIKO KUMB. NA. …

Tafadhali rejea malalamiko yangu ya tarehe … ambayo bado yanachunguzwa. Naomba, kuanzia sasa hadi uamuzi utakapotolewa na kutekelezwa, nisimamiwe na mtu mwingine ambaye hayuko chini ya mlalamikiwa. Sababu ya ombi hili ni mambo niliyoyaeleza kwenye malalamiko hayo, ambayo yanaendelea kwa kuwa mlalamikiwa bado ndiye anayenisimamia.

Naomba msimamizi wa muda awe na mamlaka ya kunipangia kazi, kuidhinisha likizo na madai yangu, kutathmini utendaji wangu, na kushughulikia jambo lolote la nidhamu linalonihusu.

Naomba nibaki kwenye cheo, mshahara, marupurupu, majukumu na kituo changu cha sasa. Iwapo itaonekana ni lazima mmoja wetu ahame kwa muda, naomba kuhama kwa mlalamikiwa kufikiriwe kwanza, ili aliyelalamika asipate hasara kwa sababu ya kulalamika.

Ombi hili si kuyaondoa malalamiko yangu, si makubaliano ya kuyamaliza, na halibadilishi nafuu niliyoiomba. Nitaendelea kumpa mchunguzi ushirikiano wote. Nitashukuru kupata majibu kwa maandishi ndani ya siku 7 za kazi.»

Maneno «hayuko chini ya mlalamikiwa» aliyaongeza mwenyewe, na alifanya vizuri. Bila hayo angepewa naibu wa mkuu yule, ambaye jioni anaripoti kwa mkuu yule. «Kutolewa na kutekelezwa» lipo kwa sababu uamuzi unaweza kutoka leo na utekelezaji ukachukua miezi, na katikati hapo ulinzi ungekuwa umekwisha. Kuhusu kumhamisha mlalamikiwa, tuliandika «kufikiriwe kwanza», hatukudai. Bado hajakutwa na kosa, na kuhamishwa kwa muda hakupaswi kuonekana adhabu. Ukidai aondolewe, barua yako itasomwa kama ya mtu anayetafuta ushindi kabla ya hukumu. Lakini usipoligusa kabisa, wepesi wa ofisi utakuwa kukuhamisha wewe.

Kuna vitu viwili tulivikata kwenye rasimu. Alikuwa ameeleza tukio jipya la kikao cha wiki iliyopita. Tukalitoa, tukaliandika kama nyongeza ya malalamiko, likaenda kwa mchunguzi kwa barua yake lenyewe. Tukio jipya likifichwa ndani ya ombi la kiutawala, wa utawala ataona halimhusu, na mchunguzi anaweza asilione kabisa. Pia alikuwa ameandika kwamba hali ikiendelea atajiuzulu. Tishio hilo lingewapa sababu ya kumngojea tu ajiondoe. Cheti cha daktari alikuwa nacho, kikisema hapati usingizi vizuri. Tulikiweka akiba, kwa sababu kikitangulia, mazungumzo yangehamia kwenye swali la kama yeye anaiweza kazi.

Majibu hayakuja kwa maandishi. Aliitwa ofisini, akaambiwa kwa sauti ya upole: dada, tumekusikia, tumekupatia nafasi masjala, Jumatatu uanze, na hili jambo sasa tumelimaliza vizuri. Akapewa fomu ya kawaida ya uhamisho. Katikati ya fomu palikuwa na visanduku viwili vya sababu, «Maombi ya mtumishi» na «Mahitaji ya kazi». Kile cha kwanza kilikuwa kimeshawekewa alama ya vema. Chini palikuwa na mstari wa saini na maneno kwamba mtumishi ameukubali uhamisho huu kwa hiari.

Sidhani aliyeijaza fomu ile alikuwa na nia mbaya. Aliona ombi, akatafuta fomu ya maombi, akaweka alama. Lakini alama ile ingefanya kazi ambayo barua nzima ilikusudia kuizuia. Masjala ilikuwa daraja moja chini, na ingemtoa kwenye posho ya kamati. Hakusaini. Alishukuru, akasema ataisoma na kujibu, akatoka na nakala. Mchana huo huo, kabla ya saa za kazi kwisha, alituma barua pepe hii:

«Asante kwa kikao cha leo asubuhi. Nimeelezwa kwamba napangiwa masjala kuanzia Jumatatu na kwamba suala langu limekwisha. Naomba kuweka sawa kwamba sikuomba uhamisho. Niliomba msimamizi wa muda, nikibaki kwenye cheo na majukumu yangu, na malalamiko yangu Kumb. Na. … bado yanaendelea. Nafasi ya masjala ni ya daraja la chini na inaniondolea posho. Naomba ombi langu la awali lijibiwe kama lilivyo. Nikieleweka vibaya popote, tafadhali nirekebishwe kwa maandishi.»

Sentensi ya mwisho ina uzito. Kikao cha mdomo hakina ushahidi, na wiki mbili baadaye kila mtu atakikumbuka kivyake. Barua pepe iliyotumwa siku ile ile, yenye maneno ya kiungwana, ambayo hakuna aliyeipinga, itachukuliwa kuwa kumbukumbu ya kikao.

Akaniuliza: je, wakinilazimisha kwenda masjala hata hivyo? Nilimwambia aende. Kukataa agizo la kazi lisilo na hatari wala uvunjaji wa sheria kunampa mwajiri kesi mpya, na kesi ya utovu wa nidhamu huenda haraka kuliko malalamiko ya unyanyasaji. Angeenda, angefanya kazi vizuri, lakini siku hiyo hiyo angeandika: «Natekeleza agizo hili ingawa sikubaliani nalo, na bila kuathiri malalamiko yangu wala haki yangu ya kulipinga.» Halafu kushushwa kule kungekuwa lalamiko jipya lenyewe, na barua ya kwanza ndiyo ingelipa nguvu. Mtu aliyeomba kubaki kwenye daraja lake kisha akashushwa, hakuna anayeweza kusema alijitakia.

Haikufika huko. Siku chache baadaye idara iliandika kwamba atasimamiwa na meneja wa mikataba, kwenye cheo chake, meza yake ikahamishiwa upande wa pili wa ghorofa hiyo hiyo. Barua yao ilitaja namba ya malalamiko na neno «kwa muda». Tuliisoma mara mbili kutafuta kama imesema popote kuwa jambo limekwisha. Haikusema.

Hapo wengi hupumua na kuacha kufuatilia. Yeye alijaribu kuomba likizo kwenye mfumo wa kompyuta, na kwenye skrini yakatokea maneno «Inasubiri idhini ya», yakifuatiwa na jina la mkuu wake wa zamani. Barua ilibadilisha msimamizi, mfumo haukubadilika. Akapiga picha ya skrini, akayafuta maombi yale, akawaandikia rasilimali watu mistari miwili akiwaomba warekebishe mpangilio wa idhini kwenye likizo, madai na tathmini. Ikachukua siku kadhaa. Bila kujaribu asingejua mpaka tathmini ya nusu mwaka ifunguliwe kwa jina lile lile.

Tathmini yenyewe ilihitaji mazungumzo ya pekee, kwa sababu nusu ya kipindi alifanya kazi chini ya mlalamikiwa. Meneja wa mikataba hakuwa ameiona kazi hiyo. Waliafikiana kwamba mlalamikiwa atoe taarifa ya kazi zilizokamilika na tarehe zake tu, bila alama wala maoni juu ya mwenendo, na kwamba mama huyu aione taarifa hiyo na kuijibu kabla alama hazijawekwa. Maafikiano hayo yaliandikwa.

Kulikuwa na jambo moja lililonitia wasiwasi kuliko yote. Alipoambiwa anahama meza, wazo lake la kwanza lilikuwa kujitumia nyaraka zote kwenye barua pepe yake binafsi kabla hajafungiwa faili za kitengo. Humo kulikuwa na bei za wazabuni. Kuzitoa nje ya ofisi ni kuvunja usiri wa zabuni, na mlalamikiwa angepata shitaka zuri la kumgeuzia kibao. Badala yake aliandika orodha: ujumbe wa kumwondoa kwenye kamati, ratiba ya likizo, hati ya mapokezi ambayo hakuisaini, na kitabu cha ghala cha wiki ile, kila kimoja na tarehe na mahali kilipo. Akaipeleka kwa mchunguzi, akiomba kumbukumbu hizo zihifadhiwe zisifutwe. Vitu vyake mwenyewe, yaani barua alizoandika na majibu aliyopewa, alikuwa na nakala zake. Hakuhitaji kingine.

Mimi nilibaki na kazi ya kuhesabu siku. Kubadilishiwa msimamizi hakusimamishi muda wa kwenda kwenye chombo cha nje, kiwe cha usuluhishi au mahakama ya kazi. Muda huo huhesabiwa tangu tukio, au tangu uamuzi wa mwajiri, kutegemea sheria ya mahali. Nimeona watu wakitulizwa na mpango wa muda ofisini hadi mlango wa nje ukafungwa. Tuliandika tarehe ya mwisho kwenye jalada la faili lake, kwa kalamu nyekundu.

Kwenye kikao cha uchunguzi hoja tuliyoitarajia ilikuja, ila kwa sura nyingine. Mtetezi wa mlalamikiwa hakusema kwamba mama yule alitaka kuondoka. Alisema: kama kweli alikuwa ananyanyaswa, mbona aling'ang'ania kubaki kitengo kile kile? Angehama wangesema amepata alichotaka, na alipobaki wakasema hakuumia. Mama yule hakubishana. Alimwomba mchunguzi asome aya ya kwanza na ya tatu ya barua yake. Ya kwanza ilitaja mtu anayemsimamia na kinachoendelea kwa sababu hiyo. Ya tatu ilitaja kazi yake. Mchunguzi akasoma kwa sauti, kikao kikaendelea.

Ripoti ilikubali mambo mawili na kukataa moja. Kuondolewa kwenye kamati na kunyimwa likizo kulionekana hakukuwa na sababu yoyote ya kikazi. Maneno ya vikao vya Jumatatu hayakuthibitika, kwa sababu mashahidi walitofautiana. Akarudishwa kwenye kamati. Uchunguzi wa hati ya mapokezi ukahamishiwa kwa wakaguzi wa ndani.

Mpango wa muda ukawa umefika ukingoni kwa maneno ya barua yenyewe: uamuzi umetolewa na kutekelezwa. Angenyamaza, siku yoyote mfumo ungemrudisha kwa mkuu wake wa zamani. Safari hii aliandika ombi la kudumu la kubaki chini ya meneja wa mikataba, akilisimamisha kwenye matokeo ya ripoti na kwenye kazi alizokwisha kuzifanya huko, akaomba mpangilio wa idhini usiguswe mpaka apate majibu.